Tenisi: hivi koti la udongo linameza mpira, au mimi ndo mzigo?

#1 Kipanga07
Wakuu salaam. Nimecheza tenisi miaka mitatu, yote kwenye koti la saruji la chuoni, silaha yangu kubwa ni sevu, napiga mpira ulionyooka wenye nguvu na mara nyingi haurudi. Jumamosi jamaa wa ofisini akanipeleka klabu moja yenye viwanja vya udongo mwekundu, nikapangiwa mzee wa miaka sitini na kitu, ana kitambi kabisa na kofia ya jua. Nimepigwa 6-1, 6-2. Zile sevu ambazo kwenye saruji zinapita kama risasi, mzee alikuwa anazisubiri kama mtu anayesubiri daladala, zinamjia zimepanda mpaka begani, ananirudishia juuu, ndani ya mstari, mimi nakosea.

Nadharia yangu ni kwamba udongo ni laini kwa hiyo unameza nguvu ya mpira. Lakini usiku nimekaa nikawaza, nyasi si laini zaidi? Mbona Wimbledon kwenye TV mpira unaenda kasi vile? Wenye ujuzi naomba mnisaidie.

#2 Chura Mkavu
Mzigo ni wewe. Uzi ufungwe.

#3 Ndugu Slaisi
Mkuu #1 uko sahihi, kule juu kuna vumbi na vumbi linakula nguvu, we fikiria mpira ukiupiga kwenye mchanga wa ufukweni unarudi? Haurudi. Saruji inarudisha kila kitu kwa sababu ni ngumu. Nyasi ni kesi nyingine, nyasi zinateleza, mpira unateleza kama sabuni bafuni ndo maana unakuwa na kasi. Kwa hiyo udongo unameza, saruji inarudisha, nyasi zinatelezesha. Nadhani nimemaliza.

#4 Mtu wa Kariakoo
Nimefungua uzi nikijua ni koti la ngozi linauzwa. Haya, endeleeni.

#5 Fundi Moramu
Slaisi hujamaliza, ndo kwanza umeanza kuharibu. Nimetunza viwanja vya udongo mwaka wa kumi na nne huu, naomba nikwambie kitu kimoja: koti la udongo SI LAINI. Likiwa laini jua mtunzaji kalala. Chukua hata pale Paris kwenye mashindano ya Roland Garros, ule wekundu unaouona ni unga wa matofali ya kuchoma, unene wake milimita moja mpaka mbili tu. Chini yake kuna chokaa iliyosagwa ikashindiliwa, halafu mabaki ya makaa ya mawe, halafu kokoto na mawe ya kupitisha maji, jumla kama sentimita 80 kwenda chini. Yaani mpira unagonga kitu kigumu chenye unga kidogo juu, kama chapati iliyonyunyiziwa unga, haujagonga mchanga wa ufukweni.

Huku kwetu wengi tunatumia moramu iliyochekechwa, na wazee walikuwa wanachanganya udongo wa kichuguu maana ule ukimwagiwa maji na kupitishwa rola unashika kama sakafu. Jembe haliingii.

Kipanga kama unabisha fanya hivi: chukua mpira mmoja, uachie kutoka juu ya kichwa kwenye saruji yenu, tazama unafika wapi mwilini mwako. Kisha fanya hivyohivyo kwenye udongo, halafu kwenye nyasi za bustani yoyote. Uje utuambie.

#6 Ndugu Slaisi
Sawa fundi, sasa kama ni mgumu kama sakafu kwa nini mpira unapungua kasi? Jibu hilo.

#7 Mama Kwale
Mimi nicheze udongo siku zote tafadhali. Miaka miwili kwenye sakafu ngumu nilipata magoti yanayolia kama mlango wa banda la kuku, daktari akaniambia mama chagua, tenisi au ngazi. Nikahamia udongo, sasa hivi nacheza mara tatu kwa wiki. Kwa udongo mguu unateleza kabla ya kusimama, sakafu ngumu mguu unasimama ghafla na mwili bado unaenda, sasa nani anapokea ule mshtuko kama si goti. Kwa hiyo huo ulaini mnaobishana, goti langu linasema upo.

#8 Mwalimu Mizani
Mama Kwale pole, goti lako limeona sawa ila kilichokusaidia ni kuteleza, si ulaini.

Nafundisha fizikia, nimeona mnachanganya mambo mawili. Mpira ukigonga chini kuna vitu viwili vinatokea kwa wakati mmoja. Cha kwanza, unarudi JUU kiasi gani. Cha pili, unapoteza kiasi gani ya mwendo wake wa KWENDA MBELE. Cha kwanza kinategemea ugumu wa chini, cha pili kinategemea msuguano. Udongo unarudisha mpira juu vizuri sana lakini unaukwaruza kwa msuguano mkubwa. Nyasi ni kinyume kote kuwili, ni laini hivyo zinameza mdundo wa kwenda juu, na zinateleza hivyo mwendo wa mbele haupungui sana. Kwa hiyo swali la #1 limejibika, kinachomeza mpira ni nyasi, si udongo. Umekalili kinyume.

#9 Chura Mkavu
"Umekalili kinyume" nimecheka. Mwalimu na R na L zako.

#10 Mwalimu Mizani
Vidole vizee hivi.

Ngoja niwape hesabu, tena nyepesi. Wanaopima viwanja kimataifa wanarusha mpira kwa mashine, mita 30 kwa sekunde, yaani km 108 kwa saa, ukiingia kwa pembe ya nyuzi 16. Tuseme unagonga hasa kwenye mstari wa sevu, na mpinzani yuko kwenye mstari wa nyuma, hapo katikati ni kama mita 5.5. Kabla ya kugonga mpira una km 104 za kwenda mbele na km 30 hivi za kwenda chini.

Udongo: nachukua msuguano wa 0.7 na mdundo wa 0.85. Baada ya kugonga mpira unabaki na km 65 za kwenda mbele na km 25 za kwenda juu.
Nyasi: msuguano 0.6, mdundo 0.75. Unabaki na km 73 za mbele na km 22 za juu.

Sasa ukipiga hesabu ya mita 5.5 zile, mpira wa udongo unafika kwa sekunde 0.303 na wa nyasi kwa 0.273. Tofauti ni sehemu tatu za mia ya sekunde! Ni kidogo mno, kufumba jicho kunachukua zaidi. Lakini angalia UREFU wa mpira ukifika pale: udongo unafika mita 1.68 kutoka chini, nyasi mita 1.33. Hizo ni sentimita 35. Ndo tofauti ya mpira wa usoni na mpira wa kifuani.

Namba za msuguano na mdundo nimechagua mimi katika zile zinazokaribiana na viwanja vya kweli, na nimeacha mzunguko wa mpira na upepo, kwa hiyo msije mkanishika shati. Ila picha ndiyo hiyo, udongo haumkawishi mpira kiasi unachodhani, unamnyanyua.

#11 Kipanga07
Mwalimu duh. Sasa kama ni sehemu tatu za mia mbona yule mzee alikuwa na muda wa kunywa chai?

#12 Bi Raketi
Kwa sababu alisimama nyuma. Uliangalia miguu yake au kitambi tu? Kwenye udongo anayepokea sevu anarudi nyuma ya mstari mita mbili tatu. Mpira unaokuja km 65 kwa saa, mita tatu za ziada zinampa karibu sehemu 17 za mia, hapo ndo chai yake ilipo. Na anaweza kurudi nyuma kwa amani kwa sababu mpira umedunda juu, hautamfia njiani. Jaribu kusimama vile kwenye nyasi halafu mtu akupigie slaisi ya chini, mpira unadunda mara ya pili kabla hujaufikia, utabaki unaangalia kama umeachwa na meli ya Zanzibar.

Na kosa lako la pili, unapiga ulionyooka bila mzunguko. Kwenye saruji yenu ile unalipwa. Kwenye udongo mpira usio na mzunguko unakaa juu pale "nipige tafadhali". Mzee anapiga topspini, yaani anauzungusha mpira kwenda mbele, mpira wake unaanguka kwa pembe kali na unaruka juu zaidi, wewe unaupiga ukiwa sikioni. Nadal alijenga nyumba humo, makombe 14 ya Roland Garros, na mkono wa kushoto juu yake.

#13 Ndugu Slaisi
Mwalimu hesabu nzuri, lakini kuna kitu hamjakigusa na mimi sitoki hapa mpaka kijibiwe. Mnasema udongo una msuguano MKUBWA. Halafu Mama Kwale anasema anateleza. Wachezaji wote wa udongo wanateleza mita nzima. Kitu kinachotelezesha mguu kinawezaje kukwaruza mpira? Chagueni moja.

#14 Chura Mkavu
Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge Slaisi kauliza la maana.

#15 Fundi Moramu
Ile chembe ya tofali chini ya kiatu inabingirika kama gololi. Mtu ana kilo 70, kiatu ni bapa, chembe maelfu zinabingirika pamoja, unateleza. Mpira ni kitu kingine, una manyoya, na unagonga kwa nukta ndogo kwa nguvu, unachimba. Ukitaka ushahidi angalia alama. Mpira ukigonga udongo unaacha alama ya yai, na upande wa mbele wa alama kuna kakichuguu ka unga kamesukumwa. Mwamuzi anashuka kitini kwenda kusoma alama hiyo hiyo. Kwa hiyo mpira unalima, mguu unaelea.

#16 Mwalimu Mizani
Fundi nakubali nusu. Hicho kichuguu kidogo mbele ya mpira kinafanya kazi kama ngazi, mpira unakipanda unaporuka, ndo maana mdundo wa udongo unapimwa juu hata kuliko sakafu ngumu ambayo kwa akili ya kawaida ingetakiwa kushinda. Ila hilo la gololi sina hakika nalo. Mimi naona ni suala la muda, mpira unagusa chini sehemu tano hivi za elfu ya sekunde, mguu unagusa muda mrefu, unga unapata nafasi ya kuhama.

#17 Fundi Moramu
Mwalimu njoo uvae kiatu cha sakafu ngumu ucheze kwangu uone kama hutaelea. Kiatu cha udongo kina meno ya mgongo wa samaki yanayoshika na kutema unga. Kama ni muda tu, kwa nini kiatu kinabadilisha kila kitu?

#18 Mwalimu Mizani
Kwa sababu kiatu kinaingia mpaka kwenye tabaka gumu la chini. Hiyo inanisaidia mimi, si wewe.

#19 Fundi Moramu
Inanisaidia mimi.

#20 Jamaa wa Muscat
Wakubwa naona saruji na hadikoti mnaziweka kapu moja. Si kitu kimoja. Huku Oman viwanja karibu vyote ninavyocheza ni hadikoti ya rangi ya akriliki, na kasi yake inatoka kwenye MCHANGA uliochanganywa na rangi. Mchanga mwingi na mkubwa, msuguano unapanda, koti linakuwa la taratibu. Mchanga mdogo, koti linakimbia. Ndo maana Australia na Marekani wote wanaita hadikoti lakini huwezi kusema ni koti moja, wenye mashindano wanachagua wanataka kasi gani. Australia wenyewe walikuwa nyasi mpaka 1987, wakaja Rebound Ace 1988, Plexicushion 2008, na GreenSet toka 2020, kila moja na tabia yake.

Koti tunalochezea sisi lilipakwa rangi miaka saba iliyopita, mwaka wa kwanza mpira ulikuwa unakamatwa na kupanda, mipira inachakaa manyoya ndani ya seti mbili. Sasa mchanga umesagika pale watu wanaposimama na kukimbia, ukipapasa kwa kiganja ni kama kioo, na mpira unapita chini na kasi. Katikati ya koti pasipokanyagwa bado pana makwaruzo. Koti moja kasi mbili. Kipanga nahisi saruji yenu ya chuo haina rangi kabisa, imesuguliwa na viatu miaka ishirini, kwa hiyo wewe umekua kwenye koti lenye tabia karibu na nyasi bila kujua.

#21 Kipanga07
Haina rangi. Mistari tu, nayo tunachora wenyewe na chokaa.

#22 Bi Raketi
Basi sevu yako imelelewa na kioo.

#23 Mwenye Shamba
Samahani kuingilia, nina kiwanja Kigamboni, nikitaka kujenga koti moja la udongo linagharimu kiasi gani na mvua inakuwaje?

#24 Fundi Moramu
Gharama njoo inboksi tuongee eneo na usafiri wa moramu, hiyo ndo inaua watu. Kuhusu mvua, koti la udongo si la kujenga ukaondoka. Asubuhi unamwagia, jua likiwa kali unamwagia tena katikati ya mechi na mechi, unaburuta wavu kusawazisha unga, unapitisha rola mara kwa mara. Koti likikauka rangi inapauka, unaona kabisa kutoka mbali, na hapo unga unaruka na upepo, mpira unaanza kwenda kasi na wachezaji wanateleza ovyo. Likilowa sana mpira unabeba udongo unakuwa mzito kama embe bichi, mabega ya watu yanauma. Unga ukirundikana sehemu moja mpira unagonga na kuzimika, sehemu nyingine unaruka, na mistari ya utepe iliyopigiwa misumari ikinyanyuka kidogo tu, mpira ukigusa pale hata Nadal haurudishi. Kwa hiyo ndugu yangu kasi ya koti la udongo ni ya SAA HIYO. Yule mzee wa Kipanga nina hakika alijua saa ya kumwagia maji.

#25 Kipanga07
Fundi sasa umenifungua. Walimwagia dakika kumi kabla hatujaanza!!! Na mzee ndiye aliyemwita kijana wa maji!!!

#26 Chura Mkavu
Mzee kapika mechi kabla ya kuvaa kofia hahaha

#27 Wa Ngong Road
Wasee mmesahau hewa. Sisi huku Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unapaa tu, na mpira wa kawaida wenye presha ndani unadunda zaidi maana hewa ya nje haiubani sana. Kuna mipira maalum ya kuchezea juu ya mita 1,219. Kijana akitoka Mombasa na ile topspini yake ya kawaida, mipira mitatu ya kwanza inatoka nje mpaka kwa kina mama wa chai. Kwa hiyo udongo wa Nairobi una kasi kuliko udongo wa Pwani hata kama moramu ni ya lori moja. Ndo ile ya Madrid pia, wako kama mita 650 juu na wachezaji wa sevu kubwa wanafanya vizuri pale kuliko Paris.

Halafu tusisahau dada yetu Angella Okutoyi, 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana, wawili kwa wawili, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam ya vijana, na alilibeba kwenye nyasi. Sasa nyasi na sisi wapi na wapi.

#28 Ndugu Slaisi
Hongera zake. Lakini hapo ndo nataka kusema, siku hizi hata nyasi si nyasi. Mwaka 2001 Wimbledon wakabadilisha mbegu, kabla ilikuwa mchanganyiko wa nyasi aina mbili, asilimia 70 rai na 30 feskyu nyekundu, wakaweka rai tupu. Udongo wa chini ukawa mgumu zaidi, mpira ukaanza kudunda juu, wale wa kupiga sevu na kukimbilia neti wakafa. Angalia fainali ya 2002, Hewitt na Nalbandian, wote watu wa mstari wa nyuma. Nyasi karibu na neti zilibaki kijani kabisa, hakuna aliyekanyaga! Zamani pale mbele kulikuwa na upara. Wameua tenisi ya voli, ile ya kuupiga mpira netini kabla haujadunda.

#29 Bi Raketi
Slaisi hiyo stori tamu ina shimo. Nyasi mpya zilianza kuchezewa 2001 yenyewe. Na fainali ya 2001 ni nani? Ivanišević na Rafter, watu wawili waliokuwa wanakimbilia neti kama wameitwa chakula. Nyasi zilezile. Kwa hiyo mwaka mmoja mbegu inaruhusu voli, mwaka unaofuata imeua?

Mimi nasema ni nyuzi za raketi. Kuerten alishinda Paris 1997 na nyuzi za poliesta, baada ya hapo wote wakahamia. Poliesta inakupa mzunguko mwingi, unaweza kupiga kwa nguvu zote na mpira bado ukashuka ndani. Sasa anayekuja netini anapitwa au mpira unamshukia miguuni. Uso wa kiwanja haukuua voli, nyuzi ndo zilizoua.

#30 Mwalimu Mizani
Zote mbili zinaweza kuwa kweli kidogokidogo. Mpira ukidunda juu zaidi, mwenye poliesta anapata mpira wa kiunoni wa kuzungusha. Mpira wa gotini huwezi kuuzungusha sana hata uwe na nyuzi za dhahabu.

#31 Wa Ngong Road
Na Borg? Borg alikuwa mtu wa nyuma, topspini tupu, raketi ya mbao, nyasi za zamani, na alibeba Wimbledon tano mfululizo 1976 mpaka 1980. Na Roland Garros sita. Miaka mitatu mfululizo, 1978 mpaka 1980, alizibeba zote mbili ndani ya kiangazi kimoja.

#32 Ndugu Slaisi
Borg kwenye nyasi alikuwa anaenda netini baada ya sevu mara nyingi. Alibadilika. Ndo point yangu, nyasi zilimlazimisha.

#33 Wa Ngong Road
Na Sampras mbona udongo haukumlazimisha? Wimbledon saba, Paris hajawahi hata kufika fainali.

#34 Bi Raketi
Ulimlazimisha, alikataa.

#35 Mama Kwale
Huyo Connors je? Marehemu mume wangu alikuwa anamtaja sana, kwamba alishinda mashindano ya Marekani kwenye viwanja vya aina tatu.

#36 Jamaa wa Muscat
Kweli kabisa mama. 1974 zikiwa nyasi, 1976 ukiwa udongo ule wa kijani, 1978 mwaka wa kwanza wa hadikoti. Wao Marekani walikuwa wanahama uso kama mpangaji anayedaiwa kodi, na yeye anawafuata huko huko. Na mchezo wake ulikuwa karibu uleule kote, mpira ulionyooka, unapigwa mapema unapopanda. Kwa hiyo Kipanga usikate tamaa, kupiga ulionyooka si dhambi, ila lazima uupige mapema kabla haujafika sikioni.

#37 Mtu wa Kariakoo
Bado nipo. Ile mechi ya Federer na Nadal nusu udongo nusu nyasi ilikuwa kweli au ya kompyuta? Niliona picha.

#38 Bi Raketi
Kweli, Mei 2007 kisiwani Mallorca, kwao Nadal. Upande mmoja wa neti nyasi, upande mwingine udongo, wakibadilishana pande wanabadilisha na viatu. Nyasi za kwanza ziliingiliwa na minyoo ikabidi zitafutwe nyingine dakika za mwisho. Nadal akashinda 7-5, 4-6, na taibreka ya mwisho 12-10. Wakati huo Federer alikuwa hashikiki kwenye nyasi na Nadal hashikiki kwenye udongo, sasa mechi yenyewe ikaisha kwa pointi mbili.

#39 Mwalimu Mizani
Ile mechi ningetaka kuona takwimu za nani alishinda gemu upande gani. Mtu anapiga kutoka kwenye nyasi mpira unadunda kwenye udongo, yaani sevu ya Federer akiwa kwenye nyasi inaangukia udongo. Watu wanasahau kwamba unaposimama ndo miguu yako, lakini mpira wako unadunda kwa mwenzio.

#40 Ndugu Slaisi
Mwalimu hapo umenivuruga, kwa hiyo upande mzuri wa Federer ulikuwa upi??

#41 Mwalimu Mizani
Ndo nimesema ningetaka kuona.

#42 Kipanga07
Wakuu nimerudi. Nimefanya jaribio la Fundi leo. Mpira mmoja, nimeuachia kutoka juu ya kichwa. Saruji: umefika juu kidogo ya kiuno. Udongo: kwa kweli nimeshindwa kutofautisha, pengine kitovu, pengine kiuno, nimerudia mara kumi. Nyasi za mbele ya ofisi: chini ya kiuno, mara mbili ukanifia kwenye paja. Kwa hiyo nakubali, udongo haumezi, nilikosea.

Halafu nikaomba kijana wa pale anipokelee sevu mchana koti likiwa limekauka kabla ya maji. Ilikuwa tofauti kabisa na Jumamosi, mpira unapita chini zaidi, kijana alikuwa anachelewa. Walipomwagia maji tukarudia, ukapanda tena begani. Koti lilelile, mimi yuleyule, nusu saa tu katikati.

#43 Fundi Moramu
Umeona sasa. Na mipira ilikuwa mipya au ileile iliyoshalowa?

#44 Kipanga07
Ileile. Ilikuwa na udongo kabisa.

#45 Mwalimu Mizani
Basi jaribio limechafuka, hujui ni koti au ni mpira uliovimba manyoya. Rudia na mipira mipya minne, miwili kabla ya maji miwili baada.

#46 Chura Mkavu
Mwalimu kampa homuweki.

#47 Kipanga07
Mipira mipya minne ni hela mwalimu. Ila Jumamosi nina marudiano na mzee, nimeomba saa nane mchana, jua la utosi. Amekubali bila kuuliza.

#48 Bi Raketi
Kakubali bila kuuliza? Kipanga, nani anashika funguo za mpira wa maji pale klabu?

#49 Kipanga07
...ngoja nipige simu.